Nani Anashinda, cha 7 au cha 12?

Kilwa Masoko, nyuma ya duka moja la steshenari, kuna mwalimu mstaafu ambaye wanavijiji humpelekea mikataba yao ya Kiingereza. Mingi ni ya magogo. Misitu ya vijiji kama Kikole ilipata cheti cha FSC mwaka 2009, na mnunuzi wa mpingo anayetafuta cheti hana haya ya kuja na karatasi ndefu.

Nilikaa naye asubuhi nzima kwenye mkataba wa kurasa nne, na sehemu kubwa ya asubuhi hiyo iliishia kwenye neno moja, “notwithstanding”. Kifungu cha 7 kilisema bei haibadiliki mwaka mzima. Cha 12 kilianza na neno hilo, kikitaja cha 7, kisha kikaruhusu bei kupanda ushuru wa serikali ukipanda. Kijana aliyeleta karatasi alikuwa na tafsiri yake tayari: “Bila kuathiri kifungu cha 7, bei inaweza kupanda.”

“Mwanangu,” mwalimu akamwambia, “nani anashinda hapa, cha 7 au cha 12?”

Kijana akasoma tena. “Cha 7, Mwalimu.”

“Na Mzungu kaandika cha 12.”

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake. “Bila kuathiri” humpa ushindi yule anayetajwa, “notwithstanding” humwangusha. Ukikosea, umepindua mkataba na kila neno lingali Kiswahili fasaha. “Licha ya” ina afadhali, ila msikilizaji wa barazani huisikia kama lawama tu: licha ya mvua, alikuja. Haimwambii kipi kifuatwe. Mwalimu aliandika hivi: “Hata kama kifungu cha 7 kinasema bei haibadiliki, ushuru wa serikali ukipanda, bei inaweza kupanda kama inavyoelezwa hapa.” Ndefu, naam, lakini haina mlango wa nyuma. Alitamani pia kuongeza ndani ya cha 7 maneno “isipokuwa kama kifungu cha 12 kinavyoeleza”. Hakuongeza. Mfasiri hatii neno kwenye mkataba wa watu; aliyaandika kwenye karatasi ya pembeni ili wayajadili wenyewe.

“Shall” ilimchukua muda mfupi zaidi, ingawa ilikuwa kila mstari. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaisoma “shall” kuwa lazima na “may” kuwa hiari, nao waandishi wa mikataba wanafuata desturi hiyo hiyo. Kiswahili kina “-ta-”, na Katiba yenyewe inaitumia, lakini kijijini “mnunuzi atalipa” ni habari ya kesho, Mungu akipenda. Kwa hiyo kila penye “shall” mwalimu hujaribu kuweka “ni wajibu wa”. “Ni wajibu wa Mnunuzi kulipa kabla gogo halijaondoka kijijini” inasimama. “Ni wajibu wa mkataba huu kuanza kutumika” haisimami, maana mkataba hauna wajibu. Hapo anaandika tu “unaanza kutumika”.

Kwenye makatazo aliongeza umakini. “Mnunuzi hapaswi kukata mti usiogongwa nyundo” inaweza kusomwa kuwa halazimiki, akipenda akate. Akaifuta: “Mnunuzi asikate mti wowote usiogongwa nyundo.” Herufi chache, na mti umepona.

“Hereby” nilidhani ingempa shida, kwa kuwa “kwa hapa” ni upuuzi mtupu. Alicheka. Alisema neno hilo sote tumelisikia kwenye nikahi: walii anasema “nimekuoza”, bwana harusi anajibu “nimekubali”, na papo hapo ndoa imefungwa. Kauli haisimulii tendo, kauli ndiyo tendo.

Nikamuuliza kwa nini basi asiandike “Kijiji kimemuuzia Mnunuzi”. Kwa sababu, akasema, kwenye nikahi mashahidi wamekaa mkekani, wanasikia ni sasa. Karatasi ikisomwa miaka miwili baadaye, “kimemuuzia” inaweza kuwa mauzo ya mwaka juzi. “Kinamuuzia” peke yake nayo inasikika kama biashara ambayo haijaisha. Akaandika: “Kwa mkataba huu, Kijiji kinamuuzia Mnunuzi magogo 40 yaliyotajwa katika jedwali.”

Kijana alisema “kitamuuzia” ingekuwa nyepesi zaidi kusoma. Mwalimu akamuuliza magogo yako wapi. Bado yako msituni, kijana akajibu, yamelala chini.

“Moto wa kiangazi ukipita kabla lori halijafika, ni ya nani yaliyoungua?”

Kijana alinyamaza, akaivuta karatasi, akairudia sentensi ile kwa sauti mara mbili.