Kumpima fundi wa skrini: noti zikitokea ukutani

Mtoa mada anabonyeza F5. Ukutani, badala ya slaidi moja iliyojaa skrini nzima, wajumbe wanaona slaidi iliyopunguzwa upande wa kushoto, saa inayohesabu juu yake, slaidi inayofuata kulia, na chini ya hiyo noti zake zote: "hapa usitaje kiasi mpaka waulize." Laptopu iliyo mbele yake ndiyo yenye slaidi safi. Skrini mbili zimebadilishana kazi.

Kosa hili ni la kawaida kwenye semina, kwenye utetezi wa tasnifu na kwenye mikutano ya bodi, na ndilo kipimo kizuri kuliko vyote cha kumjua fundi mitambo wa ukumbi. Kuunganisha waya na kupata picha ukutani ni kazi ya dakika moja ambayo wengi wanaiweza. Ubora wa fundi huonekana anapoamua atengeneze wapi, kwa njia gani, na watu waone kiasi gani cha matengenezo hayo. Nitatumia PowerPoint kwenye Windows, kwa kuwa kumbi nyingi zinatumia hiyo.

Anapimaje kabla ya watu kuingia

Angalia kwanza anachokiita majaribio. Fundi wa kawaida akishaona picha ya kompyuta ukutani anasema tayari. Fundi mzuri hatosheki mpaka afungue faili lenyewe la mtoa mada, abonyeze F5, kisha atazame ukuta na laptopu kwa pamoja. Mwonekano wa mtoa mada, ambao kwenye skrini huandikwa Presenter View, hautokei mpaka onyesho lianze, kwa hiyo picha nzuri ya kompyuta ukutani haithibitishi chochote kuhusu noti zitaangukia wapi.

Anachokitafuta kabla ya F5 ni skrini ipi ambayo Windows inaihesabu kuwa kuu. PowerPoint, ikiachiwa ichague yenyewe kwa Automatic, kwa kawaida huweka noti kwenye skrini kuu na slaidi kwenye ile nyingine. Mtu aliyetumia kompyuta ya ukumbi wiki iliyopita akiwa ameifanya projekta kuwa skrini kuu, Windows hukumbuka mpangilio huo na kuurudisha projekta ileile inapounganishwa tena. Mtoa mada wa leo hajagusa kitu, lakini anarithi kosa.

Dalili yake inaonekana kwa macho. Ikiwa skrini zimetandazwa, na aikoni zote za faili zimekaa ukutani huku laptopu ikiwa na picha tupu ya mandhari, projekta ndiyo kuu. Fundi anayejua kazi huenda Settings, kisha System, kisha Display. Hapo anabofya Identify, na namba kubwa zinatokea kwenye kila skrini. Mwangalie kwa makini hatua hii, maana wengi hudhani skrini yenye namba 1 lazima iwe kuu. Namba hutambulisha tu. Ukuu unatolewa na kisanduku kilichoandikwa "Make this my main display": anachagua mchoro wa skrini ya laptopu, anatia tiki, na aikoni zinarudi laptopu. Hii ni tiba ya mzizi, na mahali pake ni kabla ya kikao.

Anatengenezaje watu wakiwa wamekaa

Tuseme majaribio hayakufanyika. Meneja wa mradi anawasilisha taarifa ya robo mwaka kwa wafadhili, slaidi ya kwanza imefunguka, noti ziko ukutani. Fundi anafika mezani. Kuanzia hapa kila anachofanya kinaonekana na watu wote, kwa sababu dirisha analotakiwa kulishughulikia liko ukutani.

Njia ya haraka iko ndani ya onyesho lenyewe. Juu ya mwonekano wa mtoa mada kuna Display Settings, na ndani yake "Swap Presenter View and Slide Show". Ukibofya hapo, slaidi zinakwenda ukutani na noti zinarudi laptopu bila onyesho kusimama na bila kupoteza slaidi uliyofikia. Ugumu ni kishale cha kipanya: lazima kivuke ukingo wa laptopu na kuingia ukutani, na fundi anapaswa kuinua kichwa na kukiongoza akitazama ukuta. Asiyezoea hubaki akisugua kipanya huku akikodolea laptopu isiyo na menyu yoyote. Mzoefu hukisukuma upande mmoja, kisha mwingine, hukiona kikitokea, na kwa mibofyo miwili amemaliza. Kwenye Mac, PowerPoint ina kitufe cha Swap Displays juu ya mwonekano huohuo. Kwa Keynote, herufi X hufanya kazi hiyo.

Njia hiyo inafaa noti zikiwa hazina siri. Zikiwa nazo, kila sekunde ya kutafuta menyu ni sekunde ya watu kusoma, na hapa ndipo fundi mahiri anapojitenga na mwepesi wa mikono. Wengi hukimbilia herufi B, wakijua kwamba inaifanya skrini iwe nyeusi. Ni kweli inaweka weusi, lakini kwenye slaidi ya hadhira, na kwa wakati huu slaidi hiyo iko laptopu. Noti zinabaki ukutani zinasomeka vilevile.

Fundi mahiri hunyoosha mkono kwenye rimoti ya projekta. Nyingi zina kitufe cha kuzima picha bila kuzima taa; kwenye Epson kimeandikwa A/V Mute, kwenye nyingine Blank. Ukuta unakuwa mtupu mara moja. Kisha anabonyeza Esc kumaliza onyesho. Dirisha la PowerPoint likiwa limebaki upande wa projekta, anashikilia kitufe cha Windows na Shift pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia, nalo linahamia laptopu. Sasa anafungua kichupo cha Slide Show na kutazama orodha iliyoandikwa Monitor: badala ya Automatic anachagua skrini ya projekta, ambayo ikiwa ndiyo kuu huandikwa Primary Monitor. Anabonyeza Shift na F5, onyesho linaanza kwenye slaidi ileile badala ya kurudi mwanzo, anahakikisha noti ziko mbele yake, ndipo anarudisha picha ya projekta. Watu wameona ukuta mtupu kwa muda mfupi, basi.

Njia ya pili ina hatua nyingi zaidi, na anayehesabu hatua peke yake ataiona mbovu. Usimpime kwa hesabu hiyo. Mpime kwa swali moja: je, alitupa jicho kwenye noti kabla ya kuchagua njia? Noti zikiwa vichwa vya habari tu, kuzima ukuta ni kutia shaka pasipo na sababu. Zikiwa na kiwango cha chini ambacho taasisi iko tayari kukubali kwenye majadiliano, kufungua menyu hadharani ni uzembe.

Anajua lini kubadilishana si dawa?

Kipimo cha tatu ni utambuzi wa ugonjwa. Kubadilishana kunafaa pale tu kompyuta inapoona skrini mbili tofauti. Bonyeza Windows na P, utaona chaguo nne: "PC screen only", "Duplicate", "Extend" na "Second screen only". Ikiwa iko kwenye Duplicate, laptopu na ukuta vinaonyesha kitu kimoja, na PowerPoint inahesabu kuwa ina skrini moja. Hakuna cha kubadilishana. Dalili ni kwamba mtoa mada na hadhira wanaona noti zilezile kwa wakati mmoja, au wote wanaona slaidi peke yake na noti hazipo popote. Dawa ni Extend, kisha onyesho lianzishwe upya.

Kwa hiyo mtilie shaka fundi ambaye dawa yake ya kila kosa ni kurudi kwenye Duplicate. Kweli noti zinaondoka ukutani, na hadhira inaona slaidi nzuri, lakini ameziondoa pia kwa mtoa mada, ambaye sasa atasoma slaidi kwa kugeukia ukuta. Ni njia halali pale tu mtoa mada anaposema hazihitaji noti zake. Mtilie shaka zaidi anayechomoa waya wa HDMI na kuurudisha. Kuchomoa huilazimisha Windows kupanga skrini upya, na ukirudisha projekta ileile, inarudi na mpangilio uleule uliokumbukwa, kosa likiwa ndani yake.

Kuna pia kumbi zenye skrini mbili ukutani, moja kila upande wa jukwaa. Mara nyingi zote zinalishwa na kigawanyio kimoja, na kwa kompyuta hiyo ni skrini moja tu. Fundi anayeahidi kuweka slaidi kushoto na noti kulia kupitia kigawanyio hicho haujui mfumo anaouendesha.

Na pale wajumbe wengine wanapofuatilia kwa Zoom, fundi mzuri hakimbilii kubadilisha. Anauliza kwanza ni nini kilichoshirikishwa. Ikiwa mtoa mada ameshirikisha skrini nzima, Zoom inaendelea kutuma skrini hiyohiyo hata vilivyomo vikibadilika. Ukiwarekebishia waliomo ukumbini, unaweza kuwapelekea noti walio mbali. Ndiyo maana akishamaliza, humwomba mjumbe mmoja wa mtandaoni aseme anachokiona.

Anaachaje kituo chake

Kipimo cha mwisho kinakuja baada ya makofi. Kubadilishana ndani ya onyesho hutibu onyesho lililo hewani. Projekta ikiwa bado ndiyo skrini kuu, mtoa mada wa pili anaweza kukutana na noti zake ukutani kwa sababu ileile. Hata chaguo la Monitor hukaa kwenye kompyuta, halisafiri na faili. Mtoa mada akija na laptopu yake mwenyewe, tiba ya laptopu ya ukumbi haimsaidii. Fundi anayeheshimu kazi hutumia mapumziko ya chai kurekebisha skrini kuu, kufungua faili linalofuata na kubonyeza F5 ukumbi ukiwa bado mtupu.

Ukitaka kumchagua fundi wa mkutano wako, usimwulize ana uzoefu wa miaka mingapi. Mpe laptopu iliyounganishwa na projekta, projekta ikiwa skrini kuu na faili likiwa na noti nzito, mwambie aanzishe onyesho. Atakayebofya Swap na kutabasamu anaijua programu. Atakayezima ukuta kwa rimoti, akarekebisha, kisha akarudi kwenye Display kuondoa chanzo ili kisimpate mtoa mada wa pili, huyo mpe kazi na umlipe anachostahili.