Mlinganyo upi umekataa?

Karatasi za hisabati za KCSE huridhika na matrisi ya mbili kwa mbili, na hapo kutafuta kinyume chake kunatosha kutatua milinganyo. Kwenye Hisabati ya Juu ya kidato cha sita nchini Tanzania, herufi huwa tatu. Kinyume cha tatu kwa tatu kina hesabu ndogondogo nyingi mno. Kupunguza mistari ni njia fupi zaidi, na kuna faida moja ambayo watahiniwa wengi hawaitumii.

Tuchukue swali la sampuli hiyo: x + 2y + z = 8; 2x + 3y − z = 5; 3x − y + 2z = 7. Tunaandika namba peke yake, R1 ikiwa mstari wa kwanza:

```
1   2   1 |  8
2   3  -1 |  5
3  -1   2 |  7
```

R2 − 2R1 na R3 − 3R1 zinafuta x. Kisha R3 − 7R2 inafuta y:

```
1   2   1 |   8
0  -1  -3 | -11
0   0  20 |  60
```

Kwa hiyo z = 3, y = 2, x = 1.

Sasa tuseme mtahiniwa ameteleza kwenye R2: badala ya −1 − 2 = −3, kaandika 1. Hatua nyingine zote kazifanya sawasawa, akapata z = −7.5, y = 3.5, x = 8.5. Anarudisha majibu kwenye mlinganyo wa kwanza: 8.5 + 7 − 7.5 = 8. Anafurahi, anafunga swali. Lakini x yenyewe ilitoka kwenye mlinganyo huo, kwa hiyo ulikuwa hauna budi kukubali. Hata wa tatu unakubali: 25.5 − 3.5 − 15 = 7. Wa pili ndio unaomuumbua, kwani unatoa 35 badala ya 5.

Hapo hakuna haja ya kuanza upya. Wa kwanza na wa tatu ikikubali, wa pili ukakataa, kosa limo kwenye R2 − 2R1. Ukikataa wa tatu pekee, rudi kwenye mstari wa tatu. Wa kwanza ukikataa, kosa liko mwishoni kabisa, ulipotafuta x. Muhimu ni kutumia milinganyo ya swali, si mistari uliyokwisha kuipunguza, maana hiyo imelibeba kosa lako.

Kuna mahali ukaguzi huu hausaidii. Badilisha mlinganyo wa tatu uwe 3x + 5y = 13, yaani jumla ya miwili ya kwanza. Mstari wa mwisho unakuwa sifuri tupu. Majibu 1, 2, 3 yanapita kote, na −4, 5, 2 vilevile. Anayekisia seti moja ya majibu na kuikagua ataona kila kitu kimekubali, ilhali jibu kamili ni x = 5z − 14 na y = 11 − 3z, kwa z yoyote. Ile 13 ikiwa 14, mstari huo unasema 0 = 1, na swali halina jibu.