Aya ya Kwanza katika Insha ya Wasifu: Kivutio na Kiini katika Mfano wa Katuba, Lubumbashi

1. Utangulizi

Vitabu vingi vya kufundishia insha humtaka mwanafunzi aanze kwa kivutio, yaani jambo litakalomnasa msomaji, kisha ataje kiini cha maelezo yake. Mafundisho haya ni sahihi, lakini huwafanya wengi waamini kwamba kivutio na kiini ni vitu viwili vinavyoweza kutafutwa mbalimbali na kubandikwa pamoja. Makala haya yanadai kuwa katika insha ya wasifu vitu hivyo hutoka mahali pamoja. Kivutio kinachofaa ni jambo moja dogo lililoonwa, na kiini ni kauli ambayo jambo hilo linairuhusu. Dai hili linachunguzwa kwa mfano wa insha kuhusu Katuba, mojawapo ya komuni saba za mji wa Lubumbashi. Aya zote za mfano zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu.

2. Aya isiyo na mahali

Ichukuliwe kwanza aya ya aina inayojulikana sana:

“Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, umewahi kufika Katuba? Katuba ni komuni yenye nyumba nyingi, barabara, makanisa, shule na soko. Watu wake ni wakarimu na wachapakazi, na mandhari yake ni ya kuvutia. Insha hii itaeleza mambo mbalimbali kuhusu Katuba.”

Sarufi ya aya hii haina kasoro. Kasoro yake huonekana mara jina la Katuba linapoondolewa na kuwekwa jina la Kamalondo au Ruashi: hakuna neno jingine linalohitaji kubadilishwa. Zaidi ya hayo, aya inatoa ahadi tatu zisizopatana. Methali inaahidi habari za ukarimu, swali linaahidi safari, na orodha inaahidi kila kitu. Msomaji hajui ashike ipi. Neno “kuvutia” nalo linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Msomaji anaambiwa ahisi jambo ambalo hajaonyeshwa.

Methali yenyewe si kosa. Ingefaa kama insha ingehusu jinsi wageni wanavyopokewa, na kama aya ingemwonyesha mgeni mmoja mlangoni. Hapa imewekwa kwa sababu tu ya mazoea kwamba insha nzuri huanza kwa methali.

3. Kutoka jambo lililoonwa hadi kiini

Ili kuitengeneza aya hiyo, mwandishi hana budi kuamua mambo matatu kabla ya kuandika: mahali anaposimama, saa anayotazama, na kitu kimoja anachokifuata kwa macho. Tuseme amesimama kando ya barabara ya Katuba, alfajiri, na kitu anachokifuata ni makaa ya kupikia, ambayo huletwa mjini Lubumbashi kutoka misitu ya miombo, mara nyingi kwa baiskeli. Aya yaweza kuwa hivi:

“Kabla jua halijachomoza, baiskeli ya kwanza huingia Katuba bila mtu juu yake. Mwenyewe huisukuma kwa miguu, mwili umeinama, bega limeegemea magunia ya makala yanayodondosha vumbi jeusi barabarani. Kufikia saa mbili asubuhi magunia hayo huwa yamekwisha kufunguliwa mbele ya nyumba, na makala yamegawanywa mafungu madogo, kila fungu la kutosha jiko la siku moja. Katuba huamka, hula na kuhesabu fedha zake kwa kufuata mafungu hayo.”

Sentensi ya kwanza inanasa kwa sababu ina kitendawili kidogo: baiskeli inaingia bila mtu juu yake. Sentensi ya pili inakitegua mara moja, kwa kuonyesha uzito wa mzigo. Kivutio hakimwachi msomaji gizani, wala hakimhadai. Sentensi ya tatu inapunguza ukubwa wa kitu kutoka gunia hadi fungu, na ya nne ndiyo kiini. Vitenzi vyake vitatu vinapanga insha nzima: kuamka kunadai aya ya barabara na wabebaji, kula kunadai aya ya jiko, bukari na sombe, na kuhesabu kunadai aya ya biashara ndogo ya mlangoni. Aya itakayofuata ikiwa haiwezi kuunganishwa na kimojawapo cha vitenzi hivyo, ama aya hiyo iondolewe, ama kiini kiandikwe upya.

4. Kiambishi cha mazoea

Hatari moja inastahili kuangaliwa kwa makini. Kama sentensi ya kwanza ingeandikwa “baiskeli ya kwanza iliingia Katuba, mwenyewe akaisukuma”, insha ingegeuka kuwa hadithi. Kiambishi -ka- humfanya msomaji angojee tukio linalofuata: je, aliibiwa? Je, alianguka? Asipolipata huona amedanganywa. Kiambishi hu- humwambia kwamba anaonyeshwa desturi ya mahali, si kisa cha siku moja.

Kwa mwandishi aliyekulia Katuba jambo hili lina ugumu wake. Kiswahili cha Katanga huonyesha mazoea kwa kiishio -aka, kama katika “inaingiaka”, mahali ambapo Kiswahili sanifu husema “huingia”. Mwandishi huyo anaijua dhana barabara. Asilolizoea ni umbo lake sanifu. Mwalimu anayesahihisha asidhani kwamba palipokosekana hu- pamekosekana pia fikra ya mazoea.

5. Neno la nyumbani

Neno “makala” katika aya ya pili lina mtego wake. Lubumbashi ni makaa ya kupikia. Dar es Salaam ni maandishi ya gazetini au ya jarida. Kadhalika “kinga”, ambayo Katanga ni baiskeli, kwingineko ni kitu cha kuzuia madhara. Sentensi “kinga imebeba makala” ingeeleweka upesi Katuba na kumpotosha msomaji wa Zanzibar.

Tatizo hili si geni. Historia ya mji wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, ilichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Ili maandishi yale yafahamike, ilibidi kwanza Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, ayasome kwa sauti. Sauti ya mwenyeji ilihitajika ili kujaza yale ambayo maandishi yaliyaacha kwa wanaojua.

Aya ya kwanza ya insha haina mwenyeji wa kuisoma kwa sauti. Katika mfano uliotolewa, “kinga” imeachwa na “baiskeli” ikachukuliwa, kwa kuwa baiskeli si kiini. “Makala” limebakizwa, kwa kuwa insha nzima inalihusu, na maana yake inafunuliwa na maneno jirani: magunia, vumbi jeusi, jiko. Maneno ya nyumbani yakiwa matatu au manne katika aya moja, msaada huo wa maneno jirani hautoshi tena, na msomaji wa mbali huacha kutazama na kuanza kutafuta kamusi.

6. Hitimisho

Aya ya kwanza ya insha ya wasifu yaweza kupimwa kwa maswali mawili. Jina la mahali likibadilishwa, je, aya inabaki ilivyo? Na kila aya inayofuata, je, inatokana na neno lililomo katika sentensi ya kiini? Aya ya kwanza iliyotolewa hapa inashindwa katika yote mawili. Ya pili inalijibu swali la pili kikamilifu, lakini la kwanza kwa sehemu tu, kwa kuwa baiskeli za makaa huonekana pia katika miji mingine mingi. Kinachoifunga aya hiyo na Katanga ni neno “makala” peke yake. Likiondolewa kwa jina la usanifu, mahali nako huondoka.