Makopo Manne na Pumzi Sita: Mduara wa Asubuhi Katika Darasa la Awali

Mwalimu wa darasa la awali akiuliza "Hamjambo watoto?", atajibiwa kwa sauti moja: "Hatujambo mwalimu!" Ndani ya sauti hiyo yumo mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, yumo aliyegombana na mwenzake njiani, na yumo anayekaribia kulia kwa sababu mama ameondoka bila kumuaga. Salamu yetu ina jibu lake, na mtoto wa miaka mitano ameshalijua hata kabla hajaweza kuhesabu hadi ishirini. Hapo ndipo mduara wa asubuhi, ule wa watoto kutaja hisia zao na kutulia kabla ya somo, unapoharibikia. Mwalimu anaupokea kama salamu ndefu. Anawazungukia wote na "Unajisikiaje leo?", wote wanajibu "Vizuri", robo saa inaisha, na darasa lina kelele kuliko lilivyoanza.

Ninaouchambua hapa ni mduara uliokwepa shimo hilo, katika darasa la awali la shule moja ya serikali pembezoni mwa mji wa Morogoro. Darasa lina watoto 52 na mwalimu mmoja, ingawa kiwango cha Tanzania kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwalimu huyo alifanya uamuzi ambao ndio siri ya yote yanayofuata: aliondoa kazi ya kutaja hisia kwenye vinywa vya watoto wote na kuiweka mikononi mwao, kisha akatanguliza mwili mbele ya maneno.

Kazi inaanzia mlangoni, saa moja na nusu asubuhi. Nyuma ya mlango kuna kigoda chenye makopo manne ya maziwa ya unga, na kila kopo limebandikwa uso uliochorwa kwa kalamu nene: aliyefurahi, mwenye huzuni, aliyekasirika, anayeogopa. Kila mtoto ana kizibo chake cha plastiki cha chupa ya maji, kimechorwa alama anayoitambua, kama samaki, jua au ufunguo, maana bado hajui kusoma jina lake. Anaingia, anamwamkia mwalimu, anaokota kizibo chake kwenye sinia na kukitumbukiza katika kopo linalofanana na alivyo asubuhi hiyo. Vizibo vya bati vya soda havifai kwa sababu vina meno yanayokata vidole.

Kwa nini nyuso nne tu? Wanasaikolojia Sherri Widen na James Russell wameonyesha kwamba watoto wadogo huanza na makundi mapana ya hisia, hasa furaha, huzuni na hasira, kisha huyagawa taratibu kadiri wanavyokua. Ukimwekea mtoto wa miaka mitano nyuso kumi na mbili, atachagua iliyochorwa vizuri. Maneno kama kununa, kuona aibu, kuona wivu na kuwa na hamu yanakuja baadaye, kwa njia ya mazungumzo, na hayahitaji kopo.

Mwanzoni makopo haya yalitoa habari za uongo. Mtoto wa kwanza akitumbukiza kwenye uso wa furaha, walio nyuma yake wote walimfuata. Mwalimu akahamisha kigoda kutoka mezani kwake hadi nyuma ya mlango, akafunika kila kopo kwa kifuniko chenye tundu, na kuwaruhusu wapite mmoja mmoja. Kufikia juma la pili vizibo vilianza kutawanyika. Kipimo hiki kinafaa popote: kama kila siku vizibo vyote viko katika furaha, basi watoto wanajibu salamu, hawasemi walivyo.

Saa mbili kasorobo wanakaa. Mtoto aliyekunja miguu anahitaji kama nusu mita ya ukingo wa mduara, kwa hiyo watoto 52 wanataka mduara wenye mzunguko wa mita 26, yaani upana wa zaidi ya mita nane kutoka upande hadi upande. Darasa lenye madawati haliwezi. Kutoka nje chini ya mwembe kunatoa nafasi, lakini pikipiki zinapita na sauti ya mwalimu inapotea. Suluhisho likawa miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine: watoto 20 ndani na 32 nje. Mduara wa nje sasa una upana wa mita tano tu, na madawati yakisogezwa ukutani unaenea kwenye majamvi. Waliokaa nje leo, kesho baadhi yao wanaingia ndani, ili pasiwe na mtoto anayezoea kujificha nyuma.

Kinachofuata ni pumzi, na hapa ndipo nilipokaa kutazama kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu anawaambia washike kikombe cha uji wa moto ambacho hakipo. Wananusa uji kwa pua huku yeye akihesabu hadi tatu kwa vidole, kisha wanaupuliza polepole kwa mdomo hadi tano, bila kuumwaga. Mara sita, kama dakika moja hivi. Cha muhimu ni kwamba kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Tunapotoa pumzi, neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo. Tunapovuta, kizuizi hicho hulegea. Kurefusha kutoa ni kuupa moyo muda mrefu zaidi wa kupunguza mwendo. Mwaka 2021 Jelena Obradović na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliowapima watoto wa umri wa miaka saba hivi wakiwa katika mazingira yao ya kawaida, si maabara, na kuona kwamba hata dakika moja ya kupumua polepole kwa kuongozwa ilishusha msisimko wa mwili.

Watoto hukosea zoezi hili kwa namna moja: wanavuta kwa nguvu, mabega yanapanda hadi masikioni, kisha wanapuliza kwa kishindo kama wanazima moto. Pumzi ya namna hiyo inaamsha badala ya kutuliza, na ikirudiwa inaleta kizunguzungu na vicheko. Mwalimu haangalii vifua, anaangalia mabega. Akiyaona yanapanda, anasimamisha zoezi na kuwapa kila mmoja kipande chembamba cha karatasi akishike mbele ya mdomo. Karatasi inatakiwa iiname na kubaki imeinama. Ikipepea, uji umemwagika. Hawaambiwi wabane pumzi, wala hawalazimishwi kufunga macho, kwa sababu wapo watoto wanaoogopa giza hilo. Mwenye pumu au kikohozi anapumua kwa mwendo wake.

Sasa ndiyo yanakuja maneno. Wakati watoto wanatafuta mahali pa kukaa, mwalimu alikwishachungulia makopo matatu yasiyo ya furaha na kuchagua vizibo vitatu au vinne. Anaanza yeye mwenyewe: "Asubuhi hii niliogopa. Tumbo lilinibana, kwa sababu gari lilichelewa na nilijua mnanisubiri." Sentensi hiyo ina sehemu tatu, hisia, mahali inapokaa mwilini, na sababu yake, na watoto wanaiga umbo lake bila kufundishwa kanuni. Kisha jiwe laini la mtoni linapita kwa waliochaguliwa. Mwenye jiwe anasema, wengine wanasikiliza, na asiyetaka anasema "Napita" na hakuna anayemuuliza kwa nini. Mwalimu anarudia alichosikia, "Umekasirika," anasema "Pole," na kunyamaza kidogo. Hasemi "Mtoto mkubwa hanuni", hasemi "Msamehe mwenzako". Mtoto anayekosolewa akitaja hasira, kesho kizibo chake kitakwenda kwenye furaha.

Mtoto mmoja wa kiume, mpole, alikuwa ameweka kizibo chake katika hasira siku tatu mfululizo. Siku ya nne alipewa jiwe.

"Nimekasirika," akasema.

"Pole. Umekasirika. Hasira inakaa wapi?"

Akaweka kiganja tumboni.

"Kwa sababu gani?"

"Sijui."

Mwalimu akamshukuru na kupitisha jiwe. Baada ya mduara alimwita pembeni, akamuuliza jana usiku alikula nini na asubuhi alikunywa nini. Asubuhi hakuwa amekunywa kitu. Mama yake alikuwa anatoka alfajiri kwenda sokoni. Uji wa shule huletwa saa nne. Kuanzia siku hiyo mwalimu alipanga na mpishi kikombe kimoja kitoke mapema, na akazungumza na mama. Hasira ya mtoto yule ilikuwa njaa, na hakuna pumzi sita zinazoshibisha. Kwa maoni yangu swali la "wapi" ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote katika mduara huu, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuonyesha tumbo muda mrefu kabla hajaweza kueleza sababu.

Kuna jambo la kuogopwa kidogo pia. Siku moja mtoto atapewa jiwe na kusema amepigwa nyumbani, au ameguswa na mtu. Hapo mwalimu hamhoji mbele ya wenzake. Anamwambia amefanya vizuri kusema, anaendelea kwa utulivu, na mara mduara unapokwisha anampeleka faragha na kumhusisha mwalimu wa malezi na ofisa ustawi wa jamii. Namba ya simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Mwalimu asiyejua atafanya nini siku hiyo asianze kupitisha jiwe.

Dakika za mwisho ni za kuhama. Mduara wa ndani unanyanyuka kwanza, wa nje unafuata, na asiyetulia bado anabaki kwenye kona yenye mkeka, karatasi na kalamu za rangi hadi atakapokuwa tayari. Kona hiyo haitumiki kamwe kwa adhabu. Ikitumika mara moja tu kumfukuzia mtundu, haitakuwa tena mahali pa kutulia.

Tuwe wakweli kuhusu nguvu ya kutaja hisia peke yake. Utafiti unaonukuliwa sana, wa Matthew Lieberman na wenzake wa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kuipa hisia jina hupunguza mwitikio wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Lakini waliopimwa walikuwa watu wazima wakitazama picha za nyuso ndani ya mashine. Hatuwezi kuuchukua mzimamzima hadi kwenye jamvi la watoto wa miaka mitano. Ndiyo maana naupenda mpangilio wa darasa hili: haukabidhi kazi yote kwa maneno. Pumzi inashusha mwili, kopo linampa mwalimu habari, na jiwe linawafundisha watoto wachache kila siku jinsi ya kusema.

Mwenye darasa la watoto 70 au zaidi aanze na makopo na pumzi peke yake kwa mwezi mzima. Jiwe lingoje hadi vizibo vitakapoacha kurundikana kwenye furaha. Na kama fimbo bado inakaa mezani, aiondoe kwanza kabla hajachora uso wa kwanza, kwa sababu watoto wataitazama fimbo kabla ya kuchagua kopo.