Siyo Lenyewe, Mwalimu

Barua ya mwanafunzi aliyeambatisha faili lisilo lenyewe mimi huipima kwa swali moja: mhadhiri akishaisoma, anabaki na kazi gani zaidi ya kufungua faili jipya? Nyingi humwachia kazi tele. Aya nzima ni radhi, aya ya pili ni umeme uliokatika, na mwishoni kuna viambatisho viwili vyenye jina moja, mhadhiri ajichagulie. Ila mara mojamoja huja barua iliyosukwa vizuri hata ukasahau kuwa kulikuwa na kosa.

Tuchukue moja iliyo mfano wa hizo nzuri. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alitakiwa kuwasilisha Sura ya Tatu ya tasnifu yake kabla ya saa 6 usiku wa Ijumaa. Ametuma saa 5:40, akalala. Jumamosi asubuhi anafungua barua aliyoituma na kukuta ametuma rasimu ya wiki mbili nyuma. Anaandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Faili nililokutumia jana saa 5:40 usiku siyo lenyewe. Ni rasimu ya zamani ya Sura ya Tatu, haina jedwali la wahojiwa wala sehemu ya maadili ya utafiti. Naomba usilisome.

Lililo sahihi nimeliambatisha hapa: Sura3_sahihi.docx, kurasa 14, linaanza na kichwa 'Eneo la Utafiti'. Nililimaliza jana kabla ya kutuma, na sijaligusa tangu hapo.

Natambua limekufikia baada ya muda. Nitaupokea uamuzi wako. Samahani kwa usumbufu."

Chini yake kuna jina kamili na namba ya usajili, basi.

Tazama anavyoanza. Baada ya salamu, ambayo kwetu hairukwi hata nyumba ikiungua, sentensi ya kwanza ndiyo habari yenyewe. Mhadhiri anayeperuzi barua kwenye simu akiwa ndani ya daladala huona mstari mmoja au miwili tu kabla ya kuamua afungue au apite. Aliyeanza na "Natumaini u mzima wa afya, mimi ni mwanafunzi wako katika kozi ya" ameupoteza mstari huo.

Kisha analieleza faili baya, na hapa ndipo wengi hukosea. Huandika tu kuwa "faili la kwanza lina makosa". Lakini huenda mwalimu ameshalipakua na kuanza kuandika maoni pembeni. Akiambiwa kuwa halina jedwali la wahojiwa, anajua papo hapo ni lipi alilolishika mkononi. Ndiyo maana pia jina la faili limebadilishwa. Ukituma tena faili lenye jina lilelile, kompyuta ya mwalimu italihifadhi kama "Sura3 (1).docx" karibu na "Sura3.docx", na wiki ijayo hakuna atakayekumbuka lipi ni lipi. Kuhusu majina ya aina ya "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli", nisiseme kitu. Ndiyo yaliyoleta balaa lote.

Kuna hila ndogo ya kiufundi ambayo barua hii imeifuata bila kelele. Ameijibu barua yake mwenyewe ya usiku, hakuisambaza upya. Ukijibu, viambatisho vya zamani haviendi. Ukiisambaza, vinabebwa, na mwalimu anapokea faili baya kwa mara ya pili likiwa limekaa bega kwa bega na zuri. Wala hakubadilisha kichwa cha barua, kwa sababu kwenye Gmail kichwa kikibadilika mazungumzo hukatika, na barua mbili ambazo zingekaa pamoja zinatenganishwa na tangazo la kikao cha idara.

Wapo watakaouliza kwa nini asiirudishe tu ile ya kwanza. Hairudi. Kitufe cha kutendua kwenye Gmail hufanya kazi kwa sekunde 5 hadi 30 tu, kutegemea ulivyopanga, na hata hapo hakirudishi kitu: barua huwa bado imezuiliwa. Ikishatoka, imetoka.

Sentensi inayonivutia zaidi ni ile ya "sijaligusa tangu hapo". Kila mhadhiri anaujua mchezo wa zamani: mwanafunzi hajamaliza, anatuma faili bovu au tupu kwa makusudi, anasubiri aulizwe, na kwa ujanja huo anajipatia siku mbili. Kwa hiyo barua yoyote ya "samahani, nilikosea faili" husomwa na jicho moja limefumbwa. Mwandishi wetu hajitetei wala haapi kwa jina la mama yake. Anasema alilofanya, na kasi yake inamsemea: amegundua mwenyewe asubuhi, kabla hajaulizwa.

Ushahidi mwingine haufiki mbali. Tarehe ya faili hubadilika ukilifungua na kulihifadhi tena, na saa ya kompyuta mtu anaweza kuirudisha nyuma. Aliyeandikia kwenye Google Docs ana nafuu, maana historia ya matoleo inatunzwa huko na inaonyesha nini kiliandikwa lini. Mwalimu akiitaka, atafunguliwa. Lakini kuitanguliza kabla ya kuombwa kunaifanya barua inuke mahakama.

Kishawishi kikubwa huja dakika ile ya kuambatisha. Umelifungua faili sahihi kuhakikisha, macho yameona nukta iliyokosekana ukurasa wa 9, mkono unawasha. Ukiirekebisha, huwezi tena kuandika kuwa hujaligusa. Iache nukta ipotee, au irekebishe na useme umerekebisha nini.

Baada ya kutuma, fungua kiambatisho kutoka kwenye barua zilizotumwa, siyo kutoka kwenye laptopu. Lile la laptopu litafunguka vizuri siku zote. Swali ni nini kimesafiri. Kama bando ni dogo, angalau tazama ukubwa. Sura ya kurasa 14 haiwezi kuwa na baiti 162. Hicho ni kivuli ambacho Word hukiweka karibu na faili likiwa wazi, jina lake huanza na alama ~$, na kwenye mashine ya steshenari iliyowekwa kuonyesha mafaili yaliyofichwa ni rahisi sana kukichukua badala ya kazi yenyewe.

Mfano wetu ulikuwa mwepesi kwa sababu faili baya lilikuwa lake. Likiwa la mwenzake, tuseme kazi ya rafiki wa kozi hiyohiyo aliyoachiwa kwenye flashi aichapishe, barua inabeba mzigo mwingine. Mhadhiri sasa ameona kazi ya mtu wa pili ikiwa mikononi mwa wa kwanza, na atajiuliza kilichofuata. Hapo aseme ilivyomfikia kwa sentensi moja, aombe faili lifutwe, na kabla ya kubofya kitufe cha kutuma ampigie rafiki yule simu, asije akazisikia habari hizo kwa mwalimu kwanza.