Ubapa, Pengo na Matundu Manne: Kuisoma Soketi ya DVI

Mwezi Aprili 1999 kundi la makampuni lililojiita DDWG, ambamo walikuwemo Intel, Silicon Image, Compaq, Fujitsu, HP, IBM na NEC, lilitoa kanuni za soketi mpya ya kuunganisha kompyuta na skrini. Maofisini bado zilitawala monita nene za kioo, zilizopokea picha ya analogi kupitia VGA, soketi ya pini 15 ambayo IBM ilikuwa imeileta mwaka 1987. Skrini nyembamba zilikuwa zimeanza kuingia, nazo zilitaka picha ya dijitali. DDWG haikuthubutu kuwaacha wenye monita nene. Ikabuni umbo moja linaloweza kubeba ishara za aina zote mbili, au moja tu kati yake, na ndiyo sababu hadi leo mtu hununua adapta inayoingia vizuri kabisa, kisha anabaki na skrini nyeusi.

Umbo hilo lina pande mbili, na hoja yangu ni kwamba hazina uaminifu sawa. Upande wa analogi husema ukweli kwa yeyote atakayeutazama. Upande wa dijitali unaweza kukuonyesha pini ambazo hazifanyi kazi yoyote.

Tuanze na kilicho mbele ya macho. Soketi kamili ina matundu madogo 24 yaliyopangwa safu tatu, kila safu manane. Ubavuni mwake kuna mwanya mrefu mwembamba wa kupokea pini bapa, nao waweza kuzungukwa na matundu mengine manne, mawili juu na mawili chini, hata vikaonekana pamoja kama msalaba mdogo. Matundu hayo manne ndiyo makazi ya analogi: C1 hubeba rangi nyekundu, C2 kijani, C3 bluu, na C4 mapigo yanayoiambia monita lini ianze mstari mpya. Pini bapa, C5, ndiyo ardhi yake. Yapo pia mapigo ya kuanzisha picha nzima upya, lakini hayo hayamo katika msalaba. Yamewekwa kwenye tundu namba 8, mwisho wa safu ya kwanza, katikati ya majirani wa dijitali. Huo ni mshono mmojawapo ambapo pande mbili zimeingiliana.

DVI-D ni ya dijitali peke yake. Ina ubapa, lakini matundu manne hayapo. DVI-A ni ya analogi peke yake, nayo ni nadra. Utaikuta zaidi kwenye ncha ya kebo ambayo ncha yake ya pili ni VGA. DVI-I hujumuisha zote mbili. Wauzaji huziandika kwa hesabu: 24+1 au 18+1 kwa DVI-D, 24+5 au 18+5 kwa DVI-I, na 12+5 kwa DVI-A. Namba ya pili ndiyo ya kutazama kwanza. Moja maana yake ni ubapa mtupu, tano maana yake ni ubapa pamoja na pini nne za analogi.

Hapa pana jambo dogo ambalo wengi hawalioni, nami naliona kuwa ndiyo busara kubwa kuliko zote katika muundo huu. Pini bapa ya DVI-I ni pana kuliko ile ya DVI-D. Plagi ya DVI-D huingia katika soketi ya DVI-I bila shida, kwa kuwa ubapa mdogo unatosha katika mwanya mkubwa. Plagi ya DVI-I haiingii katika soketi ya DVI-D, hata ukizing'oa zile pini nne kwa koleo, kwa sababu ubapa wenyewe utakwama. Ni kana kwamba wabunifu walijua kwamba mtu mwenye haraka atashika koleo, wakamwekea kizuizi cha pili.

Chukua mfano wa shule yenye projekta ya zamani inayopokea VGA tu, na kompyuta yenye kadi ya GeForce GTX 1050. Fundi anakuja na adapta ndogo, upande mmoja plagi ya 24+5, upande wa pili soketi ya VGA. Ni adapta ile ile aliyoitumia miaka mingi kwenye kompyuta nyingine na ikafanya kazi. Safari hii haiingii. Akiinama kutazama nyuma ya kompyuta ataona sababu: matundu manne hayapo. NVIDIA iliondoa analogi katika kadi za GeForce 10 zilizoanza kutoka mwaka 2016, ilhali GTX 970 ya kabla yake ilikuwa bado na DVI-I. AMD ilikuwa imetangulia mwaka 2013 kwa R9 290, ambayo soketi zake zote mbili za DVI ni za dijitali tupu.

Adapta ya fundi haina kosa lolote. Ndani yake hamna kitu ila nyaya. Inaichukua nyekundu kutoka C1 na kuipeleka kwenye pini nyekundu ya VGA, kijani vivyo hivyo, bluu vivyo hivyo, na mapigo yote mawili. Haigeuzi chochote, inahamisha tu. Kwa hiyo inafaa DVI-I na DVI-A, basi. Kwenye DVI-D hamna analogi ya kuhamisha, na waya peke yake hauwezi kuzigeuza namba kuwa volti zinazopanda na kushuka. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye chipu, ambacho husoma ishara ya dijitali na kuitengeneza upya kuwa ya analogi. Vingi vya aina hiyo hujilisha umeme wa volti 5 kutoka pini namba 14. Vingine huongezewa waya wa USB. Ukiona picha inakatika-katika, au haiji hadi uchomoe na kuchomeka tena, shuku umeme kabla ya kuishuku chipu, na kama kina tundu la USB, litumie.

Jihadhari na kitu kimoja kinachouzwa: adapta nyepesi yenye plagi ya 24+1 na soketi ya VGA, isiyo na chipu ndani. Hiyo huingia popote na haionyeshi picha popote. Inachoweza kupitisha ni pini 6 na 7, ambazo kompyuta huzitumia kuiuliza skrini jina lake na vipimo vyake. Hivyo jina la projekta laweza kutokea kwenye mipangilio ya kompyuta huku ukutani pameandikwa No Signal. Mtu huona jina hilo akadhani imebaki kurekebisha programu. Hakuna cha kurekebisha. Kumbuka pia kwamba kigeuzi chenye chipu huenda upande mmoja: cha DVI-D kwenda VGA hakiwezi kurudi kutoka VGA kwenda skrini ya DVI-D. Kwa safari hiyo ya kurudi unatafuta kigeuzi kingine.

HDMI, iliyokuja mwishoni mwa 2002, ni habari nyepesi zaidi, kwani ilirithi lugha ile ile ya dijitali ya DVI: jozi tatu za data na jozi moja ya saa. Adapta ya nyaya tupu inatosha, nayo hufanya kazi kwenda na kurudi. Inafaa DVI-D, inafaa pia DVI-I, ambayo hapo hutumia upande wake wa dijitali na kuuacha msalaba bila kazi. DVI-A haiwezi kwenda HDMI ila kwa kigeuzi chenye chipu. Kuhusu sauti, usiitegemee. Zipo kadi za grafiki zinazoipitisha humo humo, lakini DVI yenyewe haikuitengenezea nafasi. Na monita ya DVI isiyojua ulinzi wa HDCP yaweza kukuonyesha dawati la kompyuta vizuri, kisha ikawa nyeusi pale tu filamu yenye ulinzi inapoanza. Hapo adapta haihusiki.

Sasa twende upande ule mwingine, usio mwaminifu. Kati ya 18+1 na 24+1 kuna tofauti ya pini sita: namba 4, 5, 12, 13, 20 na 21. Zikikosekana, plagi huwa na pengo katikati, safu wima mbili tupu zinazogawa pini katika makundi mawili ya tisa. Pini hizo sita ni jozi tatu za ziada za data, yaani mkondo wa pili. Mkondo mmoja una ukomo wa megahezi 165, unaotosha pikseli 1920 kwa 1200 kwa mapigo 60 kwa sekunde. Skrini kubwa kuliko hiyo hudai yote miwili.

Mfano mzuri ni Apple Cinema HD ya inchi 30 iliyotoka mwaka 2004, yenye pikseli 2560 kwa 1600. Kwa mapigo 60 inahitaji takriban megahezi 268. DVI huligawa zigo hilo kwa kupokezana: pikseli ya kwanza mkondo wa kwanza, ya pili mkondo wa pili, ya tatu wa kwanza tena, hadi mwisho wa mstari. Skrini hiyo ikipewa mkondo mmoja tu, inashuka hadi 1280 kwa 800, na herufi zinakuwa kubwa na zenye meno.

Mwenye skrini kama hiyo akitaka kuiunganisha na kompyuta yenye HDMI tu, dukani atapewa adapta yenye soketi ya DVI iliyokamilika, matundu yote 24. Ataihesabu na kuridhika. Lakini soketi ya HDMI ya kawaida ina jozi tatu za data, haina sita. Yale matundu sita ya katikati hayajaunganishwa na kitu, yamewekwa ili plagi yoyote iingie. Wala haisaidii kusema kwamba HDMI tangu toleo 1.3 la mwaka 2006 inafika megahezi 340, zaidi ya zinazotakiwa. Kasi ipo, ila inapita katika mkondo mmoja, na skrini inangojea nusu ya pikseli zake kwenye pini ambazo hazina waya. Kwa hiyo kukosekana kwa pini sita ni ushahidi wa kutosha kwamba mkondo wa pili haupo, lakini kuwepo kwake si ushahidi wa chochote.

Kwa skrini ya aina hiyo, adapta ya nyaya tupu kutoka HDMI ni pesa iliyopotea, hata iwe na pini zote 24. Tumia kadi yenye DVI ya mikondo miwili na kebo isiyo na pengo, au nunua kigeuzi chenye chipu kutoka DisplayPort ambacho mtengenezaji wake ametaja waziwazi 2560 kwa 1600. Asipotaja kipimo hicho, kirudishe.