Njia ya Mwanga Ndani ya Bilauri

Kati ya stadi za maabara zinazostahili kuenziwa, ipo moja isiyodai zaidi ya chumba chenye giza, tochi, kadibodi, bilauri tatu za maji safi, sukari, udongo kidogo na matone machache ya maziwa, nayo ni ustadi wa kupitisha mwale wa mwanga ndani ya kimiminika ili chembe ambazo jicho haliwezi kuziona zijifichue zenyewe. Mwalimu aliyebobea katika ustadi huu hukoroga kijiko cha sukari katika bilauri ya kwanza, hudondosha matone mawili au matatu ya maziwa katika ya pili, na hutia udongo kidogo katika ya tatu. Kisha hufunika uso wa tochi kwa kadibodi yenye tundu dogo, ili mwanga utoke ukiwa mwembamba, na huwaweka wanafunzi ubavuni mwa bilauri, kwa kuwa anayeukabili mwale huona mng'ao tu.

Katika maji ya sukari, mwale huingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kuacha njia yoyote inayoonekana, kwa sababu sukari imegawanyika hadi kuwa molekuli mojamoja, zenye upana wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Huu ndio mmumunyo halisi. Katika maji ya udongo, mwale huonekana umejaa vidoa vinavyometameta, ambavyo ni chembe kubwa zinazoelea kwa muda tu, na bilauri ikiachwa imetulia, nyingi kati yake hutuama chini. Kati ya hali hizo mbili ipo koloidi, yaani mchanganyiko wenye chembe za kati ya nanomita 1 na 1,000 hivi, ambazo ni ndogo mno kuzama upesi, lakini ni kubwa kiasi cha kutawanya mwanga. Kwa hiyo mwale peke yake hautoshi kuitenga koloidi na maji ya udongo, kwani zote mbili huonyesha njia ya mwanga. Shahidi wa pili ni muda, na fundi mwema humsubiri.

Bilauri ya maziwa ndiyo inayostahili kutazamwa kwa kituo. Ikitazamwa kutoka ubavuni, njia ya mwanga ina rangi ya samawati hafifu, ilhali mwanga unaotokea upande wa pili umeegemea manjano, kwa kuwa chembe ndogo hutawanya zaidi samawati na kuacha wekundu na manjano viendelee mbele, kama inavyokuwa kwa jua linapokuchwa. Watawanyaji hao ni vifundo vya protini iitwayo kaseini, vyenye upana wa nanomita 50 hadi 500 hivi, pamoja na vitone vya mafuta, ambavyo baadhi ni vikubwa zaidi na ndivyo vinavyopanda juu kuwa malai katika maziwa mabichi yaliyotulia. Wakati huohuo, sukari ya maziwa imo katika maji yaleyale ikiwa mmumunyo halisi, wala mwale hauigusi. Yakitiwa ndimu, maziwa hukatika: vifundo vya kaseini hushikamana kuwa mabonge yanayobeba mafuta, na maji yanayobaki, yenye sukari, huruhusu mwanga kupita kwa urahisi zaidi, ingawa protini chache zilizosalia bado huufichua kidogo.

Ustadi huu huharibiwa na haraka. Maziwa yakizidi, bilauri nzima huwaka weupe na njia ya mwale hupotea. Maji yakiwa na vumbi au viputo, hata mmumunyo wa sukari huonekana kama koloidi. Isitoshe, mwale hauwezi kumwambia mnunuzi kwamba maziwa yametiwa maji, kwani chembe zilezile zingalimo, zimepungua tu.

Jina la John Tyndall ndilo lililobaki kwenye tukio hili, lakini mwaka 1857 Michael Faraday alikuwa tayari amepitisha mwanga katika vimiminika vyake vyekundu vya dhahabu jijini London, na baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa hadi leo katika Taasisi ya Kifalme, dhahabu ikiwa bado haijatuama. Maziwa hayana ukarimu huo, kwani huchacha baada ya siku chache, na bilauri ya jana haiwezi kumfundisha mwanafunzi wa kesho. Inasikitisha, basi, kwamba mwanafunzi anaweza kukariri sentensi isemayo kuwa koloidi hutawanya mwanga, akaiandika vyema kwenye mtihani, bila kuwahi kufungiwa dirisha, kuwashiwa tochi na kuiona samawati ile ikizuka ndani ya maji kutokana na matone matatu ya maziwa yaliyobaki baada ya chai ya asubuhi.